Kipeperushi cha Mpima Masikio

Nilifundisha insha miaka kumi na tisa. Shule ilipopunguza walimu, nilijikuta nyumbani na kalamu nyekundu isiyo na wa kumsahihisha. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana duka la kuchapa: mashine mbili za kopi, moja ya kufunika karatasi kwa plastiki, na meza ndefu ya kukatia. Aliniweka pembeni ya meza hiyo niwe mtu wa maneno. Mteja akija na tangazo lake limeandikwa nyuma ya risiti, mimi ndiye wa kulinyoosha.

Sikulinyoosha. Nililipamba. Muuza matairi alitaka watu wajue kwamba anauza matairi, nikamwandikia kwamba gurudumu ni mguu wa pili wa msafiri. Akasoma, akanitazama, akauliza kama bei zitaonekana mahali. Nilimwonea huruma. Nilidhani watu wa namna hiyo hawajapata bahati ya kupita darasani kwangu. Mtaa mzima waliniita Mwalimu, na mimi nililipokea jina hilo kama mtu anayepokea haki yake.

Basi siku moja aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, kabeba mkoba wa kazi, akaniambia amepanga chumba juu ya duka la dawa. Nilipomwita Daktari alinikatiza.

"Mimi si daktari, Mwalimu. Mimi ni mpima masikio. Nina mashine, nina kibanda kisichopitisha sauti, nina kila kitu isipokuwa watu. Naomba kipeperushi, na maneno hayohayo niyaweke mtandaoni. Nataka watu waje kupimwa."

Nataka watu waje kupimwa. Kazi yote ilikuwa ndani ya maneno hayo manne, na mimi niliyaandika kwenye daftari kisha nikayasahau papo hapo.

Nilitumia siku mbili. Nilianza na sikio kuwa mlango wa nafsi. Nikaendelea na mwenye nyumba aliyefunga mlango wake akawakosa wageni wema. Katikati niliweka aya juu ya ndege. Na chini kabisa, pale ambapo msomaji anapaswa kuambiwa la kufanya, niliandika sentensi ambayo hadi leo naijua kwa moyo, maana adhabu yangu ni kuikumbuka: "Tutembelee, tupigie simu, tuandikie barua pepe, fuata ukurasa wetu, jaza fomu iliyo nyuma, hudhuria siku yetu ya wazi, waarifu ndugu na jamaa, au wasiliana nasi kwa njia yoyote utakayoona inafaa."

Niliona ni ukarimu. Mgeni anapewa milango minane, achague mwenyewe.

Nikamtumia maneno kwenye simu. Baada ya muda akapiga. Mashine ya kopi ilikuwa inakoroma nyuma yangu, nikaziba sikio moja kwa kidole.

"Nimesoma maneno yako, Mwalimu," alisema. "Yapitishe, kisha chapa."

Ndivyo nilivyosikia. Nikamwambia asante, nikakata simu, nikamgeukia shemeji. "Mteja kayapenda. Kasema yapite kama yalivyo."

Shemeji akachapa vipeperushi elfu moja, pande mbili, kwa karatasi nzuri. Vikapelekwa duka la dawa vikiwa vimefungwa kwa boksi, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba kiasi kwamba kofia ilinibana.

Wiki tatu baadaye mpima masikio alirudi. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Alivuta kiti, akaweka kipeperushi mezani, akafungua daftari dogo.

"Nimegawa zaidi ya mia sita. Nimesimama sokoni, nimesimama kwenye mageti ya shule wazazi wanapochukua watoto. Watu kumi na mmoja wamefuata ukurasa. Mmoja ameniandikia barua pepe, anauza viti vya ofisi. Fomu zimerudi mbili, hazina namba za simu, kwa sababu hatukuacha mahali pa kuandika namba. Mzee mmoja mwalimu mkuu mstaafu amepanda ngazi zote zile kuja kuniambia kwamba lugha ni safi sana ila kuna mkato umekosekana kwenye aya ya ndege."

"Aya ya tatu," nilisema. Nilikuwa nimeuona mwenyewe baadaye.

"Waliokuja kupimwa ni wawili. Mmoja alikuwa anamtafuta daktari wa meno."

Shemeji alijifanya anapanga rimu za karatasi.

Yule dada akanisogezea kipeperushi. "Mwalimu, tuseme hiki umepewa sokoni. Umekisoma chote. Unafanya nini?"

"Nakutembelea," nikasema. "Au nakupigia. Au naangalia kwanza huo ukurasa."

"Kwanza kipi?"

Nilikichukua mkononi. Kwa mara ya kwanza nilikitazama kile kijikaratasi kama mtu aliyeshika vitunguu mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Mtu wa aina hiyo haulizi milango iko mingapi. Anakikunja, anakitia kwenye mfuko, anafungia vitunguu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kimoja mfukoni. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni, na hajawahi kusoma chochote nilichoandika tangu tulipooana, kwa maelezo kwamba anapata vya kutosha kwa mdomo. Siku hiyo nilimwomba. Alikisoma sindano ikiwa imebanwa midomoni, akaitoa.

"Nimeelewa kwamba masikio ni kitu kizuri," alisema. "Sasa nifanye nini?"

"Imeandikwa hapo chini."

"Hapo chini pameandikwa nifanye kila kitu. Baba watoto, mimi nikimwambia mteja njoo Ijumaa saa nne nikupime, anakuja Ijumaa. Nikimwambia njoo ukipata nafasi, kitambaa chake kinakaa kabatini mpaka anenepe au akonde."

Akarudi kwenye cherehani. Somo lilikuwa limekwisha, na halikuwa na utangulizi wala hitimisho.

Kwa hiyo niliandika upya. Niliwafukuza ndege, nikamfukuza mwenye nyumba na mlango wake. Nikabakiza mistari mitatu: kama unaona watu wananong'ona siku hizi, huenda ni masikio yako, kupima hakuumi na hakumalizi saa moja, piga simu namba hii leo upangiwe saa yako. Jambo moja tu la kufanya. Nilijisikia kama mtu aliyeacha kuvuta sigara, yaani nilianza kuwahubiria wengine kabla wiki haijaisha. Nilimweleza shemeji kuhusu uwezo wa ufupi kwa muda wa dakika ishirini. Yeye, aliyekuwa bado na kinyongo cha zile karatasi elfu moja, alikubali kuchapa mia mbili tu.

Na simu zikaja. Siku ya nne mpima masikio alinipigia, sikusikia vizuri alichokuwa anasema ila niliambulia neno "njoo", nikaenda.

Chumba chake kilikuwa kidogo na kisafi: meza, viti vitatu, bango la sikio lililopasuliwa kuonyesha njia za ndani, na kile kibanda kwenye kona kama kabati lenye dirisha. Simu ilikuwa katikati ya meza. Akaniambia nikae nisikilize. Haikupita robo saa ikalia, akaiweka kwa sauti ya juu.

"Haloo," alisema mzee upande wa pili. "Haloo. Haloo."

"Karibu, mzee. Hapa ni kwa mpima masikio."

"Haloo. Nani? Sema kwa nguvu."

"Ni kwa mpima masikio. Unataka nikupangie siku?"

"Sikusikii. Hii simu mbovu." Akakata.

Yule dada akachora mstari kwenye daftari lake. "Huyo ni wa tisa leo na jana. Jumla wamepiga kumi na tisa. Waliofanikiwa kuelewana na mimi ni wanne, na watatu kati yao walikuwa wanapiga kwa niaba ya mama zao."

Ilinichukua muda kuelewa. Mimi, kwa akili zangu zote, niliwaomba watu wasiosikia wapige simu. Nililiomba jambo moja, jambo lililo wazi kabisa, na nikachagua lile moja wasiloliweza. Nilianza kucheka kwa aibu, naye akacheka pia, kisha akainuka, akageukia dirishani, akasema kitu huku akifunga pazia.

"Hapana, chai nimeshakunywa nyumbani," nikajibu.

Akageuka taratibu. "Nimekuuliza kama una picha ya kipeperushi cha kwanza."

"Ah. Ninayo."

Akarudi kukaa, safari hii mbele yangu kabisa, uso kwa uso. "Mwalimu, siku ile niliyokupigia kuhusu yale maneno ya mwanzo, nilikwambiaje?"

"Ulisema yapitishe, kisha nichape."

"Nilisema yafupishe."

Yafupishe, yapitishe. Vipeperushi elfu moja, pande mbili.

"Basi mtandao ulikuwa unasumbua," nikasema.

"Mtandao ulikuwa mzuri. Boksi lilipokuja nikashangaa, halafu nikajiambia wewe ndiye mwenye fani, labda umeona sababu ya kuyaacha marefu. Kosa langu ni hilo, sikukuuliza."

Nilikuwa na majibu mengi tayari. Mashine ya kopi ina kelele. Watu wa siku hizi hawatamki herufi. Mke wangu anazungumza huku ana pini mdomoni. Televisheni yetu ni ya zamani, ndiyo maana naiongeza sauti mpaka jirani anafuatilia taarifa ya habari bila kuwasha ya kwake. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye hata nusu saa kama angeniambia kwamba huenda nina tatizo, kwamba nifikirie, kwamba ni vizuri nikipata muda nionane na mtaalamu.

Hakuniambia hata moja katika hayo. Alifungua mlango wa kile kibanda.

"Kaa kwenye kile kiti," alisema.

Nikakaa. Sijui mpaka leo kwa nini nilikaa, ila kulikuwa na kiti kimoja na sentensi moja, na makalio yangu yalitii kabla kiburi hakijaamka. Alinichungulia masikio kwa kitochi, akanivisha hedifoni, akanipa kitufe cha kushika. Kila nikisikia mlio, hata ukiwa mdogo kiasi gani, nibonyeze. Akafunga mlango. Ukimya wa mle ndani ulikuwa mzito kama blanketi. Milio minene niliisikia, nikabonyeza kama mwanafunzi anayejua jibu. Halafu kikaja kipindi kirefu cha utulivu. Nilifikiri ameenda kupokea mteja. Kupitia dirishani nikamwona ameinamia mashine, anazungusha swichi, ananitazama, anazungusha tena.

Alipofungua alinionyesha mchoro. Mstari ulikwenda vizuri, halafu ukashuka kama ngazi za pale kwake. Sikio la kushoto lilikuwa pia na nta ngumu, hiyo angeitoa. Lakini milio myembamba ilikuwa imenipotea pande zote mbili, na huko ndiko zinakokaa s, na f, na sh.

"Sauti unasikia," aliniambia. "Maneno ndiyo unabahatisha."

Nilimpelekea mke wangu habari hiyo kwa uangalifu, kama mtu anayeleta msiba. Hakuacha kushona.

"Nilikuambia," alisema.

"Lini?"

"Ndiyo hiyo ninayosema."

Kipeperushi cha tatu tulikiandika pamoja, mimi na mpima masikio, kwenye meza yake. Safari hii nilikuja na swali badala ya aya: mtu huyu, akiwa amesimama hapo sokoni, mkono mmoja una vitunguu, masikio hayamsaidii, ana uwezo gani? Ana simu. Ana kidole gumba. Kama hana, ana binti mwenye kidole gumba, na mara nyingi binti ndiye aliyechoka kupiga kelele nyumbani. Basi tukaandika hivi:

"Je, unasikia watu wakiongea lakini huelewi wanachosema? Tuma neno SIKIO kwa namba hii. Tutakujibu kwa maandishi leo hiihii, na kukupa siku na saa ya kupimwa. Huhitaji kupiga simu."

Namba ilikuwa moja, kubwa, chini ya maneno, na mtandaoni kitufe kilisema vilevile: tuma ujumbe. Maneno "huhitaji kupiga simu" yalikuwa yangu. Najivunia hayo matatu kuliko aya ya ndege.

Nililopendekeza na likakataliwa ni jibu. Niliandaa ujumbe wa kumjibu mteja, wenye salamu, shukrani, na maswali sita: jina, umri, tatizo lilianza lini, sikio lipi, anakaa wapi, ametujuaje. Mpima masikio akasoma akanirudishia simu.

"Umerudi kulekule, Mwalimu. Mtu ametuma neno moja, wewe unampa mtihani. Hayo nitamuuliza akishakaa kwenye kiti." Akaandika yeye: Asante. Unaweza Jumatano saa nne asubuhi, au Alhamisi saa tisa alasiri? Jibu kwa kutaja siku.

Vita vya mwisho vilikuwa na shemeji. Alitazama kile kipeperushi kwenye kompyuta kama mtu aliyepewa sahani tupu.

"Karatasi imebaki nyeupe. Tuweke ramani. Tuweke na ule ukurasa, na saa za kazi, na picha ya familia inacheka."

"Akianza kufuata ramani hatatuma neno."

"Mteja atasema tumemuuzia hewa."

"Shemeji, zile elfu moja za mwanzo hazikuwa na hewa hata kidogo."

Akachapa.

Sitaki kudanganya kwamba mtaa mzima ulipanga foleni. Wiki ya kwanza walituma watu thelathini na mmoja. Wawili waliandika SIKIO kisha wakauliza kama tunatoboa masikio kwa ajili ya hereni. Watano walikubali siku na hawakutokea. Mpima masikio aliwaandikia mara moja tena, wawili wakaja. Lakini chumba hakikuwa tupu. Kuna siku alinitumia ujumbe kwamba viti vitatu havitoshi, nikapeleka kimoja cha dukani kwetu, shemeji akakitafuta wiki nzima.

Ninayemkumbuka zaidi ni fundi saa. Ana kibanda karibu na stendi, mtu mkimya, tulidhani ni wa majivuno. Binti yake ndiye aliyetuma neno. Nilikuwa nimekwenda kurekebishiwa vifaa vyangu vya kusikia, maana kufikia hapo nilishakuwa na viwili, kimoja kila sikio, nikamkuta amekaa. Aliniambia kwamba kwa miaka minne hajasikia saa ikitembea. Alikuwa anaibana kwenye taya ili aihisi kwenye mfupa, na mteja akitazama alijifanya anaikagua kwa karibu. Alipowekewa vifaa vya majaribio, alivua saa yake ya mkononi, akaishika mbali kidogo na uso. Akaisogeza mbali zaidi. Binti yake alitoka nje akasimama kwenye ngazi.

Mimi nami nilikuwa na la kujifunza tena, maana vichwa vya walimu ni vigumu. Tuna binti yetu mkubwa, anafanya kazi mji mwingine, na ilikuwa imepita miaka miwili hajaja nyumbani. Hatukugombana. Kila mwezi nilimwandikia ujumbe mrefu kuhusu afya ya mama yake, hali ya hewa na umuhimu wa familia, na kila mara nilimalizia kwa kumwambia karibu wakati wowote, mlango uko wazi. Alijibu asante baba, nitaangalia. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu kimoyomoyo.

Asubuhi moja dukani, kabla mashine hazijawashwa, nilianza kumwandikia tena. Nilifika kwenye hali ya hewa, nikaacha. Nikafuta vyote. Nikaandika: "Njoo Jumamosi ya tarehe kumi na mbili, ulale siku mbili. Nijibu ndiyo au hapana."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Hapana. Ya kumi na tisa."

Nilimwonyesha shemeji. Akasema ni ujumbe mkali kwa mtoto wa watu, ningeweka hata salamu. Mke wangu, nilipomsomea, alichukua simu akausoma mwenyewe mara mbili, kisha akaenda kuondoa vitambaa kwenye kitanda cha chumba cha nyuma, ambacho kwa miaka miwili alikuwa amekigeuza stoo.

Binti alikuja tarehe kumi na tisa, akiwa na begi dogo na mafua. Jioni hiyo alizungumza na mama yake jikoni, kwa sauti ya chini, mimi nikiwa sebuleni na gazeti. Alimwambia kwamba nimezeeka, kwamba vile vidude vya masikioni vimenikaa vizuri, na kwamba ujumbe wangu wa mwisho ndio wa kwanza aliousoma mpaka mwisho. Nilisikia kila neno. Nikageuza ukurasa wa gazeti kwa kelele kidogo, ili wasijue.